Laki Moja Iliyokondea Benki

Jirani yangu huuza ndoo, mabeseni na majagi ya plastiki hapa wadi ya Kiuu, upande wa Kimbo, hatua chache kutoka barabara inayoelekea Githurai. Oktoba 2021 aliweka KSh 100,000 katika akaunti ya akiba na kuapa kwamba hataigusa kwa mwaka mzima. Kiapo chake alikitimiza, jambo ambalo mimi sijawahi kuliweza. Oktoba 2022 akaniita kibandani na kunionyesha simu yake. Salio lilikuwa KSh 102,550.

"Mwandishi, ona," akasema. "Mimi nimelala, pesa imefanya kazi."

Nikamuuliza: ile stoki uliyokuwa ukiileta kwa laki moja mwaka jana, leo unaileta kwa ngapi? Hakuhitaji kufungua daftari. "Laki na kumi hivi. Na wanataka kuongeza tena." Kisha akanyamaza, akaitazama simu kama mtu aliyepewa chenji isiyotosha na tayari matatu imeshaondoka.

Pesa yake ilikuwa imeongezeka huku ikipungua. Ukweli huo si kitendawili, na anayeweka akiba yoyote anaweza kujipigia hesabu yake mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Kuna riba mbili. Ya kwanza ni riba inayotajwa, ile ambayo benki hubandika ukutani na kukuandikia kwenye fomu. Hiyo huhesabu shilingi tu: umeleta ngapi, utaondoka na ngapi. Ya pili ni riba halisi, na hiyo huhesabu vitu: ulichoweza kununua siku unaweka, na unachoweza kununua siku unatoa. Kinachozitenganisha ni mfumko wa bei. Bei zikipanda kwa kasi kuliko riba inayotajwa, riba halisi huwa chini ya sufuri, hata kama ujumbe wa simu unakupongeza.

Tuichukue laki ya jirani yangu hatua kwa hatua. Benki ilimwahidi asilimia 3 kwa mwaka, kwa hiyo alipata riba ya KSh 3,000. Lakini riba ya benki hukatwa ushuru wa asilimia 15 kabla haijakufikia, na benki yenyewe ndiyo hukata na kuipelekea Mamlaka ya Ushuru, KRA. KSh 450 zikaenda, zikabaki 2,550. Kwa hiyo asilimia 3 iliyobandikwa ukutani ilikuwa asilimia 2.55 mkononi. Watu wengi hulinganisha mfumko wa bei na ile ya ukutani, na hapo hesabu huwa imepotoka kabla haijaanza.

Sasa upande wa bei. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, hutangaza mfumko kila mwisho wa mwezi, na kwa Oktoba 2022 lilitangaza asilimia 9.6. Maana yake ni kwamba kapu la bidhaa na huduma lililogharimu KSh 100,000 Oktoba 2021 lilihitaji KSh 109,600 mwaka mmoja baadaye. Jirani yangu alikuwa na 102,550. Kulijaza kapu lile lile kulimtaka atafute KSh 7,050 nyingine.

Wengi huishia hapo na kusema amepoteza asilimia 7.05, yaani 2.55 ukitoa 9.6. Kwa maongezi ya kibandani, hesabu hiyo yatosha. Hesabu kamili ni ya kugawanya, kwa kuwa shilingi alizopoteza ni za mwaka 2022, ambazo zenyewe tayari ni nyepesi. Mchumi Mmarekani Irving Fisher aliieleza kanuni hii kwa kina katika kitabu chake kuhusu riba cha mwaka 1930, na unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu:

```
riba halisi = (1 + riba mkononi) / (1 + mfumko) - 1
            = 1.0255 / 1.096 - 1
            = -0.064
```

Yaani amepoteza asilimia 6.4. Kwa lugha ya kibanda, laki na 2,550 yake ya Oktoba 2022 ilikuwa na nguvu ya takriban KSh 93,570 za Oktoba 2021. Mfumko ukiwa mdogo, kutoa na kugawanya hukupa karibu jibu moja. Ukiwa mkubwa, majibu huachana, na ya kugawanya ndiyo ya kuamini.

Jirani yangu aliniuliza swali la haki: je, angeiweka mahali pengine? Akaunti ya muda maalumu, kwa mfano, iliyolipa asilimia 7, ingemwachia asilimia 5.95 baada ya ushuru. 1.0595 gawanya kwa 1.096 ni 0.967. Bado angepoteza zaidi ya asilimia 3. Hata dhamana za serikali za siku 364 zilizouzwa Oktoba 2021 hazikuufikia mfumko uliokuja, na hapo bado hujakata ushuru. Mwaka ule, kwa mtu mwenye laki moja na asiyetaka hatari, karibu kila mlango wa kawaida ulimpeleka chini. Milango ilitofautiana tu kwa kina cha shimo.

Kwa nini riba hukubali kuachwa nyuma hivyo? Kwa sababu benki haipangi riba ya akiba kwa kutazama bei ya unga. Huipanga kwa kutazama jinsi inavyohitaji pesa yako, na benki iliyojaa amana zisizolipwa chochote katika akaunti za kawaida haina haraka na laki yako. Bei, kwa upande wake, zilisukumwa na mambo yasiyo na uhusiano wowote na benki: ukame uliokausha misimu ya mvua mfululizo, na vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 na kupandisha bei za ngano, mafuta na mbolea. Benki Kuu yenyewe ilipandisha riba yake ya msingi polepole, kutoka asilimia 7 hadi 7.5 mwezi Mei 2022, kisha 8.25 mwezi Septemba. Oktoba, riba hiyo ya msingi bado ilikuwa chini ya mfumko. Kama jogoo amelala, vifaranga hawawezi kuwika.

Kuna wakati Bunge lilijaribu kulitatua jambo hili kwa sheria, na mkasa wake una mengi ya kumfundisha mweka akiba. Septemba 2016 sheria mpya ya benki ilianza kutumika. Wengi wanaikumbuka kwa upande wa mikopo, kwa kuwa iliweka kikomo cha riba ya kukopesha. Lakini ilikuwa na upande wa pili: akaunti inayolipa riba ilipaswa kulipa angalau asilimia 70 ya riba ya msingi ya Benki Kuu. Riba hiyo ilishushwa hadi asilimia 10 mwezi huo huo, kwa hiyo mweka akiba alikuwa na haki ya asilimia 7 kwa sheria ya nchi. Wazee wanaobarizi hapa barabarani walishangilia.

Mambo mawili yakatokea. La kwanza, soma tena maneno "akaunti inayolipa riba". Benki nyingi ziliyasoma vizuri kuliko sisi, na wateja wengi wakajikuta akaunti zao zimegeuzwa kuwa za matumizi ya kawaida, zisizolipa riba yoyote, na hivyo zisizoguswa na sheria. La pili lilikuwa zito zaidi. Ukame ulipandisha bei za chakula, na Mei 2017 mfumko ukafika asilimia 11.7. Huo ndio mwezi ambao serikali ililazimika kuleta unga wa ruzuku wa KSh 90 kwa pakiti ya kilo 2, na foleni zake tunazikumbuka. Hata yule aliyebahatika kulipwa asilimia 7 kamili, ambayo ni 5.95 baada ya ushuru, alikuwa akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya nguvu ya akiba yake. Sheria ilikuwa imeshika riba inayotajwa. Riba halisi haikupita bungeni. Kipengele kile cha amana kiliondolewa mwaka 2018, na kikomo cha mikopo kikafuata Novemba 2019.

Kwa hiyo ukipewa asilimia yoyote, iwe na benki, chama au wakala mwenye tai, muulize maswali matatu kabla ya kuweka sahihi. Hiyo asilimia ni ya mwaka mzima au ya miezi 3? Ukitangaziwa asilimia 9 kwa mwaka na pesa ikakaa siku 91 tu, utapata kama asilimia 2.25, si 9. Ni kabla ya ushuru au baada? Na je, kuna ada ya kila mwezi? Ada ya KSh 100 kwa mwezi ni KSh 1,200 kwa mwaka. Kwenye laki moja inakula karibu nusu ya zile 2,550. Kwenye KSh 30,000 inameza riba yote na kuanza kutafuna akiba yenyewe. Mwenye kidogo ndiye huumia zaidi, na hilo halibandikwi ukutani.

Baada ya hapo, uliza mfumko wa nani. Asilimia ya KNBS ni wastani wa nchi nzima, na katika kapu lake chakula huchukua karibu theluthi moja. Sijui nyumba nyingi hapa Kiuu ambazo chakula ni theluthi tu. Chukua familia inayotumia KSh 30,000 kwa mwezi: chakula 15,000, kodi ya nyumba 8,000, nauli 4,000, gesi na stima na maji 3,000. Oktoba 2022 bei za chakula nchini zilikuwa zimepanda kwa asilimia 15.8 katika mwaka mmoja. Chakula cha familia hii kikawa 17,370. Tuseme nauli na zile bili za gesi, stima na maji zilipanda kwa asilimia 10, zikawa 4,400 na 3,300, na mwenye nyumba akawa muungwana asiongeze kitu. Jumla ni KSh 33,070. Mfumko wa nyumba hiyo ni asilimia 10.2, si 9.6, hata kodi ikiwa haijasonga. Mwaka ambao mwenye nyumba ataamka na barua ya kuongeza elfu moja, mfumko wao utaruka hata kama takwimu za nchi zimetulia. Kodi za mtaa wetu hupanda kama ngazi: hukaa sawa miaka miwili, kisha hatua moja kubwa.

Hesabu hii haitaki utaalamu. Andika matumizi ya mwezi mmoja wa kawaida, si Desemba wala Januari ya karo, kisha rudia mwezi ule ule mwaka unaofuata ukihesabu vitu vile vile kwa kiasi kile kile. Hapo ndipo wengi hukosea: wanalinganisha jumla ya pesa waliyotumia, kumbe mwaka wa pili walikuwa wamepunguza nyama na kuongeza sukuma wiki. Jumla ikibaki sawa kwa sababu umejinyima, bei hazijatulia. Wewe ndiye umekonda.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, kwa kuwa liko mikononi mwetu na si mwa benki. Ni merigo. Kila ploti hapa ina chama cha kupeana pesa kwa zamu. Tuseme watu 12, kila mmoja anatoa KSh 10,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea 120,000. Kila mtu anatoa 120,000 na kupokea 120,000 na tunaambiana ni sawa kwa sawa. Kwa shilingi, ni sawa. Kwa vitu, hapana.

Weka mfumko wa asilimia 9.6 kwa mwaka, ambao ni kama asilimia 0.77 kwa mwezi. Aliyepokea mwezi wa kwanza alipata 120,000 nzito, kisha akaendelea kulipa kwa shilingi zinazozidi kuwa nyepesi. Ukipima michango yake yote kwa nguvu ya shilingi ya mwezi wa kwanza, alitoa kama KSh 115,100. Faida yake ni karibu 4,900. Wa mwisho naye alitoa michango ile ile, yenye uzito wa 115,100, lakini pesa aliyopokea mwezi wa 12 ilikuwa na uzito wa kama 110,300. Amepoteza karibu 4,800. Hakuna aliyeiba. Wa mwisho alimkopesha wa kwanza kwa riba inayotajwa ya sufuri, na sufuri ukitoa mfumko ni hasara.

Mbaya ni kwamba zamu za mwisho mara nyingi huenda kwa wale wasio na sauti: mgeni, kijana, mama mpole anayesema "mimi nitangoja". Na mpangilio ukishazoeleka, hurudiwa mwaka baada ya mwaka. Dawa yake ni rahisi. Pigeni kura upya kila mzunguko, au geuzeni orodha, wa mwisho mwaka huu awe wa kwanza mwaka ujao. Vyama vingine hufupisha mzunguko: badala ya miezi 12, watu wanatoa kila wiki na zamu zinaisha kwa majuma 12. Kwa muda mfupi hivyo mfumko haupati nafasi ya kutafuna. Sisemi mwache merigo. Nidhamu ya kutoa kila mwezi ina thamani yake, na wengi hawangeweka hata shilingi bila macho ya wenzao. Nasema tu bei ya nidhamu hiyo isilipwe na mtu mmoja kila mwaka.

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba riba kubwa ndiyo dawa. Si lazima. Cha kutazama ni pengo. Oktoba 2024 mfumko wa Kenya ulikuwa asilimia 2.7. Akaunti ile ile ya asilimia 3, yenye 2.55 mkononi, ingekuwa imeilinda pesa ya mwaka huo karibu yote. Hasara ingekuwa kama KSh 150 kwa laki. Akaunti haikuboreka. Bei ndizo zilizotulia. Na aliyekuwa ameingia kwenye dhamana za serikali za siku 364 mapema mwaka 2024, wakati zilipolipa zaidi ya asilimia 16, alivuna kweli. Tuhesabu kwa 16 tu: baada ya ushuru ni 13.6, na Machi 2025 mfumko ulikuwa asilimia 3.6. Gawanya 1.136 kwa 1.036, unapata ongezeko halisi la kama asilimia 9.7. Tazama ajabu ya tarakimu: karibu asilimia ile ile iliyokuwa mfumko wa Oktoba 2022 ndiyo iliyogeuka kuwa faida.

Lakini siku aliponunua, mtu huyo hakujua kwamba mfumko ungeshuka. Hapa ndipo penye ukomo wa hesabu yangu yote. Riba inayotajwa unaijua mapema. Mfumko utakaoambatana nayo utaujua mwisho. Tangazo la mwezi uliopita linakueleza mwaka uliokwisha, ilhali pesa yako italala mwaka unaokuja. Ndiyo sababu sipendi kufunga pesa yote kwa muda mrefu kwa riba moja wakati bei zinapanda. Afadhali kuigawa katika vipindi vifupi, siku 91 kwa mfano, ili riba zikipanda nawe upande nazo. Riba zikiwa juu na bei zimeanza kutulia, hapo kufunga kwa muda mrefu kuna maana. Waliochukua hatifungani ya miundombinu ya Februari 2024, iliyolipa asilimia 18.46 bila kukatwa ushuru, wanalijua hilo vizuri.

Na usikimbie hasara ya asilimia 6 ukaangukia ya asilimia mia. Mimi niliwahi kuingiza pesa kwa watu waliouza ploti upande wa Ruiru wakisema ardhi haishindwi na mfumko. Walisema kweli kuhusu ardhi. Tatizo ni kwamba hawakuwa nayo. Pesa iliyo benki, hata ikikonda, ina bima ya amana ya hadi KSh 500,000 kwa kila mwenye akaunti katika kila benki. Mifuko ya uwekezaji mara nyingi hulipa zaidi, na iliyosajiliwa husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, lakini bima ile haiifikii. Riba ya juu kuliko ya serikali yenyewe inamaanisha kuna hatari ambayo mtu mwingine anakuuzia.

Jirani yangu sasa ameigawa pesa yake. KSh 30,000 ameziacha katika akaunti ile ile ya asilimia 3, akijua zinakonda. "Hizo ni za hospitali," aliniambia, "hazikai pale kuzaa." Nyingine huzigeuza ndoo na mabeseni mwezi wa Novemba, kabla bei za Januari hazijapanda, kwa kuwa watoto wa bweni wakifungua shule kila mmoja huenda na ndoo yake. Ndoo haihesabiwi asilimia, na bei yake hupanda pamoja na nyingine. Lakini mwaka mmoja alinunua mabeseni mengi ya rangi ya zambarau ambayo hakuna mzazi aliyeyataka, na hadi leo mengine yako juu ya kabati lake, yamejaa vumbi.